Picha Moja, Maneno Mengi: Jinsi Tulivyompa Mtu Jina Lisilo Lake

Katika mazoezi ya kufundisha huko Masama tulipangiwa somo la Kiswahili katika Darasa la Tano, na mada ya wiki ilikuwa kueleza hisia. Tulihitaji picha ya uso wenye huzuni. Zana za kufundishia zilikuwa chache, lakini picha moja tulikuwa nayo sote katika simu zetu: mtu mfupi mwenye uso wa kitoto, anayetazama pembeni kana kwamba machozi yako karibu kumdondoka. Tuliichora kwa ukubwa katika karatasi ya manila, tukaandika chini yake: "Ukwa, mtoto wa Nijeria, ana huzuni." Sentensi ilikuwa fupi na sarufi yake haikuwa na kasoro. Hata hivyo, jina halikuwa lake, na wala yeye hakuwa mtoto.

Wanachuo wenzetu bila shaka wanaijua picha hiyo, maana ni miongoni mwa picha za utani zinazosambazwa mno katika simu. Picha za namna hii hufanya kazi kama kiolezo. Uso haubadiliki; kinachobadilika ni maneno. Leo imeandikwa, "Mama aliposema tunaondoka saa mbili, na sasa ni saa tano." Kesho imeandikwa, "Mshahara umeisha tarehe tano." Kila anayeipokea huondoa maneno ya mwenzake na kuweka yake. Mara nyingi huikata pia kingo ili uso uonekane vizuri zaidi, na hapo ndipo jina la filamu au alama yoyote ya asili huweza kutoweka. Baada ya mikono kadhaa, uso hubaki bila mwenyewe, na watu hulazimika kumbuni jina.

Picha yetu ilitoka katika kundi la filamu za vichekesho za Nijeria zilizoanza kujulikana sana kwa filamu *Aki na Ukwa* ya mwaka 2002. Waigizaji wake wakuu ni wawili, wote wafupi wa kimo, nao huigiza watoto watundu wanaowasumbua wazazi na kijiji kizima. Chinedu Ikedieze ni Aki. Osita Iheme, ambaye uso wake ndio uliosambaa zaidi katika picha za utani, ni Pawpaw. Katika filamu hiyo mtoto huyo wa pili haitwi Ukwa.

Basi jina la Ukwa lilitoka wapi? Hapa kosa la Waswahili lina sababu yake ya pekee, na tunakiri kwamba lilitufurahisha tulipoligundua. Katika lugha ya Kiigbo neno "na" lina maana ya kuunganisha, kama lilivyo katika Kiswahili. "Aki" ni kokwa ya chikichi, na "ukwa" ni mbegu za tunda la mti mmoja mkubwa. Vitu hivyo viwili huliwa pamoja, kwa kutafuna taratibu, na watu wawili wasioachana waweza kulinganishwa navyo. Kwa hiyo jina la filamu ni jina la chakula. Mtazamaji wa Lagosi husikia chakula. Mtazamaji wa Moshi husikia majina ya watu wawili yaliyounganishwa kwa "na" yake mwenyewe. Akishamwona mmoja akiitwa Aki, humalizia hesabu: aliyebaki ni Ukwa. Tujaalie filamu ya kwetu iitwayo *Ndizi na Nyama*, ambayo mmoja wa mashujaa wake ameitwa Ndizi. Mgeni angemwita mwenzake Nyama, na asingejua kwa nini tunacheka.

Kosa la pili, la kumwita mtoto, halikuwa letu peke yetu. Mwaka 2019 vipande vya filamu hizo vilienea sana katika Twita, hata kwa watu wa mabara mengine wasiopata kuona filamu yenyewe, na wengi wao walidhani wanamtazama mtoto fulani wa Afrika. Osita Iheme alizaliwa mwaka 1982. Alipokuwa akimwigiza Pawpaw alikuwa mtu mzima aliyekwisha kufikia umri wa kupiga kura.

Tuliyatambua haya kwa sababu ya mwanafunzi mmoja. Alikuwa mdogo wa kimo kuliko wenzake wote, na siku ya pili baada ya somo letu darasa zima lilikuwa likimwita Ukwa. Siku ya tatu hakunyoosha mkono hata mara moja. Tulipowakanya wenzake, mmoja alijibu kwa adabu kamili, "Lakini mwalimu, nyinyi ndio mliandika kwamba Ukwa ni mtoto mfupi." Hatukuwa tumeandika neno "mfupi". Picha ndiyo iliyolisema, na sisi tukaipa jina.

Jioni hiyo tulianza kutafuta. Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba wingi wa nakala si ushahidi. Mtambo wa kutafuta picha hutafuta nyuso zinazofanana na kusoma maneno yaliyo kando yake. Watu mia wakiandika Ukwa, nao utakuletea Ukwa. Dalili ya kosa tuliiona tulipoandika jina hilo peke yake: ikatokea sura ya mtu mwingine kabisa, Nkem Owoh, ambaye aliigiza katika filamu nyingine iitwayo *Ukwa*. Jina moja likileta nyuso mbili, mwalimu asimame hapo kwanza.

Ilitubidi kurudi kwenye filamu yenyewe. Mwalimu mmoja wa hapo alikuwa nayo, tukaitazama pamoja kwa kusudi moja tu: kusikiliza wazazi wanavyowaita watoto wao. Mmoja aliitwa Aki, mwingine Pawpaw. Hayo yalitosha kwa majina ya mchezo. Kwa majina ya waigizaji hayakutosha, maana orodha ya majina katika filamu haionyeshi lazima jina gani ni la uso gani. Tulitafuta mahojiano ambamo kila mmoja anaonekana akizungumza kwa jina lake mwenyewe, ndipo tukaridhika.

Somo tulilirudia wiki iliyofuata. Safari hii picha ilibandikwa bila maneno, na ubao tukaugawa sehemu mbili: tunayoyaona, na tunayoambiwa. Wanafunzi walitaja macho, midomo iliyokazwa, kichwa kilichoinama. Mmoja akasema, "Ni mtoto." Tukamwuliza ameona wapi umri, akafikiri kitambo, kisha akaomba neno hilo lihamishiwe upande wa pili. Ndipo tulipobandika maneno matatu tofauti chini ya uso ule ule, moja baada ya jingine, wakaona kwamba huzuni yenyewe inageuka: mara ni njaa, mara ni hasira, mara ni mzaha mtupu. Upande wa "tunayoyaona" haukuongezeka hata neno moja.

Mwisho tukawaeleza kwamba tuliandika jina la uongo, tukalikata kwa chaki mbele yao, na kuandika: "Osita Iheme, mtu mzima, akimwigiza Pawpaw." Dakika arobaini hazikutosha kwa zoezi la kuandika, tukaliacha kwa siku ya pili.

Wengi waliacha kumwita mwenzao kwa jina lile. Wavulana wawili hawakuacha, na tulipomaliza mazoezi walikuwa wakiliita bado, kwa sauti ya chini, njiani kwenye migomba, mahali ambapo mwalimu hayupo. Yeye mwenyewe alianza tena kunyoosha mkono katika Hisabati. Katika Kiswahili bado.