Tone, Ukoko, Njia: Dakika 15 za Kueleza Korongo Letu

Ujumbe huu ni wenu ndugu mlio hapa Nyarugusu na mlio makambi mengine. Leo tunaandika kuhusu dakika 15. Ndizo tunazopewa kila Jumamosi kuzungumza na darasa la wanaoanza, watoto wa miaka 11 mpaka 14. Mara ya kwanza tuliziharibu, na tunataka mjue tuliziharibu vipi.

Mada ilikuwa sababu za mmomonyoko wa udongo. Tuliichagua kwa sababu nyuma ya darasa kuna korongo. Msimu wa mvua uliopita mtoto aliliruka akicheza. Msimu huu mtu mzima akisimama ndani linamfika kifuani, na ukingo wake umebaki hatua tisa kutoka ukutani. Tulipima kwa miguu yetu.

Siku ile tuliandika ubaoni sababu saba, kama zilivyokuwa kwenye madaftari yetu ya sekondari: kukata miti, kulima kwenye mteremko, mifugo mingi, moto, upepo, mvua kubwa, ujenzi. Watoto wakanakili. Tukauliza, wakajibu kwa sauti moja, tukafurahi. Halafu tukawatoa nje mpaka ukingoni, tukauliza, "Na hili limeletwa na nini?" Kijana mmoja akajibu haraka, "Mifugo mingi." Pale karibu hakuna hata mbuzi. Msichana mmoja alikuwa anaangalia chini tu. Mwishowe akasema, "Mwalimu, mama yangu anaenda kutafuta kuni. Ndiye ameleta hili shimo?"

Hatukuwa na jibu. Tulibaki tunatazamana.

Wiki ile tulikaa chini na orodha yetu. Kila sababu iliyokuwamo ni ya kweli. Shida ni kwamba orodha haisemi kipi kinaanza na kipi kinafuata. Anayeanza anasikia vitu saba vyenye uzito sawa, kwa hiyo anashika kile kilicho rahisi kukumbuka, au kile kinachomuuma. Ndipo tukaamua kufuata kitu kimoja tu, maji, kutoka juu mpaka kwenye korongo. Tukapata mawazo matatu, na kila moja linazaa linalofuata. Tuliyapa dakika nne kila moja, tukaweka tatu za mwisho kwa maswali.

Wazo la kwanza ni tone. Tone kubwa la mvua linafika chini kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde. Hiyo namba darasani hatuisemi, tunaonyesha. Tunaweka udongo wenye unyevu kwenye sahani, nyuma yake tunasimamisha karatasi nyeupe iliyobandikwa kwenye kadibodi. Tunatoboa kifuniko cha chupa kwa msumari, tunasimama, tunadondosha maji kutoka usawa wa bega. Karatasi inajaa madoa mekundu. Tunafunika udongo kwa majani makavu, tunabadilisha karatasi, tunadondosha tena. Safari hii madoa ni machache sana. Baada ya hapo ndipo tunasema sentensi moja: "Tone linavunja udongo ulio uchi." Mara ya kwanza tulitoboa tundu kubwa, maji yakatoka kama bomba na kuchimba shimo kwenye sahani. Watoto wote wakatazama shimo, karatasi ikasahaulika. Kwa hiyo hakikisheni ni matone.

Wazo la pili ni ukoko. Udongo ukishavunjwa na matone, chembe zake ndogo zinaingia kwenye vitundu ambavyo maji yangepita, zinaviziba. Jua likipiga, juu panabaki ngozi ngumu, kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Kila mtoto anaujua ukoko, kwa hiyo neno halihitaji maelezo. Hapa tulikosea tena. Tulitaka kulinganisha bustani na njia ya miguu, lakini njia imekanyagwa na watu. Mtoto akauliza kama ni mvua au ni miguu iliyoifanya iwe ngumu, naye alikuwa na haki. Tulikuwa tumeleta mawazo mawili ndani ya onyesho moja. Sasa tunatumia matuta mawili yaliyolimwa siku moja. Moja limeachwa wazi, jingine limefunikwa kwa majani, na yote mawili yamenyeshewa mara kadhaa. Tunachukua makopo mawili yaliyotolewa vifuniko pande zote mbili, tunayakandamiza ardhini kina cha vidole viwili, tunamimina kikombe kimoja kimoja, watoto wanahesabu kwa sauti. Kwenye tuta lililofunikwa maji yaliisha kabla ya 40. Kwenye tuta lililo wazi walifika 200 wakachoka, maji bado yamesimama. Sentensi yake ni hii: "Ukoko unakataza maji kuingia." Kopo lisipokandamizwa vizuri maji yanatoroka pembeni, na mtadhani yameingia. Halafu msifanye siku ile ile baada ya mvua, kwa sababu udongo ulioshiba maji haupokei tena hata ukiwa mzuri.

Wazo la tatu ni njia. Maji yaliyokatazwa kuingia yanateremka. Yakisambaa, yanatembea polepole na kuondoa udongo kidogo kidogo. Yakikusanyika mahali pamoja, yanapata nguvu ya kuchimba. Hapa tunatoka nje na tunatembea kutoka kwenye korongo kupanda juu, tukiuliza kila hatua chache, "Maji yalitoka wapi?" Watoto wenyewe walituongoza. Kutoka ukingoni tukafuata mfereji mdogo, mfereji ukatuingiza kwenye njia ya miguu inayoshuka moja kwa moja, na njia ikatupeleka mpaka chini ya bati la darasa letu.

Hapo tunatoa namba moja tu. Bati letu limefunika kama mita 6 kwa 10. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu yake, zinashuka lita 1,200. Ni vidumu 60 vya lita 20, vyote vimemwagwa upande mmoja. Watoto wanaobeba kidumu kila siku walipiga kelele waliposikia. Sentensi ya tatu: "Maji yakikusanyika yanachimba."

Kati ya wazo na wazo tunatumia neno "kwa hiyo". Tone linavunja udongo, kwa hiyo unatokea ukoko. Ukoko unakataza maji, kwa hiyo maji yanatafuta njia. Kama huwezi kuunganisha kwa "kwa hiyo", basi umeruka hatua au umeingiza kitu kingine. Neno tunaloliogopa ni "na pia". Kila tunapofundisha, mmoja anazungumza na mwenzake anakaa nyuma. Mzungumzaji akisema "na pia", aliye nyuma anainua mkono. Siku ya kwanza mkono uliinuliwa mara kumi na moja ndani ya dakika 15. Tulicheka, lakini ilituonyesha ni mara ngapi tulikuwa tunawarushia watoto kitu cha pili kabla hawajashika cha kwanza.

Kuni je? Hatukuzificha. Zinaingia kwenye wazo la kwanza, kwenye swali "nini kinavua udongo nguo?" Watoto wanajibu wenyewe: kukata miti, kuchoma nyasi, kufagia, kulima bila kufunika. Kwa hiyo karibu orodha yetu ya zamani yote inarudi, ila sasa kila sababu ina mahali pake pa kukaa. Mteremko na ujenzi vimerudi kwenye wazo la tatu. Upepo tumeuacha, kwa sababu korongo hili halikuchimbwa na upepo. Wenzetu wa Kakuma, kwenye vumbi na ukame, huenda upepo ndio uwe wazo lenu la kwanza. Anzeni na kile mtoto anachoweza kukiona kwa macho yake akitoka mlangoni.

Dakika tatu za mwisho hatuwaambii warudie sentensi. Kurudia walirudia hata zile saba. Tunawapa jambo ambalo hatujalifundisha. Karibu na darasa kuna mwembe mkubwa, majani mengi, na chini yake udongo umeondoka mpaka mizizi inaonekana. Tukauliza, "Mti upo, haujakatwa. Mbona udongo unaondoka?"

Kimya. Halafu yule msichana wa kuni akainua mkono. Akasema, "Chini pamefagiliwa. Maji yanatoka kwenye majani, yanadondoka tena." Mwenzake akamkatiza, "Lakini mti unakinga mvua!" Akamjibu, "Unakinga kidogo. Tone la kwenye jani ni kubwa, ukisimama chini yake unalisikia kichwani."

Amesema kweli. Majani yanakusanya maji mpaka yanakuwa matone makubwa, na kama mti ni mrefu matone hayo yanashika kasi tena kabla ya kufika chini. Kinachookoa udongo ni kile kilicho karibu na ardhi: majani yaliyodondoka, nyasi, mimea mifupi. Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tunawatuma watoto kufagia pale kila asubuhi kabla ya somo.

Baadaye tulimwita pembeni tukamjibu swali lake la siku ya kwanza, maana tulikuwa tunamdaiwa. Tulimwambia kwamba miti ikiisha udongo unabaki uchi, na hilo ni kweli, lakini hili shimo tulilifuata pamoja mpaka juu na likatufikisha kwenye bati letu. Akasema, "Nitamwambia mama." Akakimbilia kisimani.

Korongo bado lipo, na mazungumzo ya dakika 15 hayalijazi. Tumeacha kufagia chini ya mwembe. Tumepanga mawe kukatiza ile njia ya miguu ili maji yasambae, na tunaomba mfereji wa bati uelekezwe kwenye nyasi. Hatua tisa tunazipima kila baada ya mvua. Jumamosi iliyopita zilikuwa tisa bado.

Mkiwa na korongo lenu, jaribuni hivi, kisha mtuandikie ni swali gani la mtoto liliwashinda.