Nilimwandikia mtu nisiyemjua anisaidie kupata kazi

Wengi wenu, zaidi wahami, mnaniuliza namna gani mtu atapata kazi kama hana ndugu ndani ya kampuni. Nitawaelezea yaliyonipata mimi mwenyewe.

Redio yetu ilikosa mafuta ya jenereta, nikakaa miezi mitatu bila mshahara. Siku moja nikaona tangazo la kampuni moja: wanatafuta mtu wa mawasiliano, Bukavu. Kwenye Fesibuku nikapata mama mmoja anayefanya kazi kule. Nikamwandikia: «Mama, naomba kazi kwenu, nina watoto.» Hakujibu. Leo ninamwelewa. Kampuni ile ilikuwa na matangazo mengi, angeanzia wapi?

Mara ya pili nilimwandikia bwana mmoja hivi:

«Jambo bwana. Hatufahamiani. Nataka kuomba nafasi ya mtu wa mawasiliano, Bukavu, namba COM-014, inayofungwa tarehe 20. Nimefanya redio miaka saba. Ninasema Kifaransa, Kiswahili na Mashi. Kama kampuni yenu inaruhusu mfanyakazi kupendekeza mtu, naomba usome sivii yangu, kisha uamue. Kama haiwezekani, niambie tu. Dosiye yangu sijaituma bado.»

Alijibu jioni ile ile: «Namba hiyo ni ya Goma. Ya Bukavu ni COM-041.»

Nilikuwa nimegeuza tarakimu mbili! Jina la kazi lilikuwa moja, lakini miji ni miwili. Tangu siku ile ninakopi namba kutoka kwenye tangazo lenyewe, siiandiki kwa kichwa.

Akanieleza kwamba kwao mfanyakazi anafungua ukurasa, anaweka namba ya nafasi na jina la mtu, kisha kompyuta inamtumia yule mtu njia ya kuingiza dosiye. Kama umekwisha kuituma peke yako, kompyuta inakataa kupokea pendekezo. Ndiyo maana lile neno langu la mwisho lilimsaidia.

Kisha akasema: «Sitadanganya kwamba ninakufahamu. Nitasema uliniandikia, nikasoma sivii yako, nikasikiliza vipindi vyako viwili.»

Niliitwa kwenye mtihani. Kazi ilichukuliwa na mwingine, dada mmoja aliyenishinda kwa kompyuta. Lakini dosiye yangu ilisomwa, na bwana yule hakuniomba hata franka moja. Anayekuomba feza, ao mshahara wako wa kwanza, huyo hakupendekezi, anakuuzia. Achana naye.

Tena, si kila mahali wanapokea mapendekezo. Mashirika mengi ya misaada yanataka kila mtu aingize dosiye mwenyewe. Kwa hiyo ulizeni kwanza, na muulize mapema: mtu akipata barua yenu siku ya kufunga, hata akiwa na moyo mwema, hana tena la kufanya.