Barua ya mdogo wangu kwa benki

Mdogo wangu alipoachishwa kazi alikuwa bado anadaiwa shilingi 2,400,000, rejesho 200,000 kwa mwezi. Rasimu yake ya kwanza iliahidi 150,000. Nikamuuliza, "Zitatoka wapi, mdogo wangu?" Tukafungua daftari la mayai: faida 240,000 kwa mwezi, chakula na kodi 150,000. Zinabaki 90,000.

Tukaandika upya kabla rejesho halijachelewa: "Naomba kulipa 70,000 kila tarehe 5 kwa miezi sita, kisha tupange upya." Riba ya mwezi ilikuwa 36,000, hivyo deni lingepungua, ukilipa chini ya riba, linakua. Zile 20,000 ni za kuku wakiugua. Akaambatisha barua ya kuachishwa kazi, akaomba jibu la maandishi linaloonyesha riba mpya, maana muda ukirefuka jumla ya riba huongezeka.