Somo la Simu Lisikilizwe Hadi Mwisho: Tuandike Upya Somo Moja la Kuhifadhi Mahindi



Wengi wenu siku hizi mmekuwa walimu. Mwenye duka la pembejeo anawatumia wateja wake somo la sauti kwenye WhatsApp, katibu wa kikundi anaendesha kozi nzima kwa simu, na mkulima anajifunza akiwa shambani au akipika. Mimi nafurahi, maana pikipiki yangu haifiki kila kitongoji. Ila somo la simu lina shida ambayo mkutano wa chini ya mwembe hauna: humwoni anayekusikiliza. Chini ya mwembe, ukiona watu wameanza kutazama barabarani, unauliza swali au unabadili mwendo. Kwenye simu huoni kitu. Yale ambayo ungeyafanya kwa kuwatazama watu, inabidi uyaandike kwenye andiko la somo kabla hujarekodi.

Leo tuchukue somo moja tulione linavyoandikwa upya. Aliyeliandika ni katibu wa kikundi kimoja cha wakulima, na amenikubalia nilitumie bila kumtaja. Ni somo la 4 kati ya 6 ya kozi ya kuhifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Shida ilikuwa wapi

Somo lilikuwa sauti moja ya dakika 14, na maelezo yake yalikuwa sahihi. Alama ya maiki ilikuwa imegeuka bluu kwa karibu wanakikundi wote, kwa hiyo katibu aliamini wamesikiliza. Lakini bluu inakuambia tu kwamba mtu amebonyeza. Haikuambii kama alifika dakika ya 9, na hapo ndipo kipimo cha chumvi kilipoelezwa.

Nilimwomba aulize kikundi swali moja: "Chumvi ikiganda kwenye chupa, utafanya nini?" Waliojibu walikuwa wachache, na mmoja aliandika, "Naongeza chumvi kwenye gunia." Wengine wakamuunga mkono kwa dole gumba.

Hebu fikiria hasara yake. Mfuko usiopitisha hewa unaua wadudu kwa kuwanyima hewa, lakini haukaushi mahindi. Yakiingia na unyevu, unyevu unabaki humo humo, mahindi yanavunda na kuota ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu. Mkulima ataligundua hilo miezi kadhaa baadaye, siku anayofungua mfuko ili ale au auze. Mtu aliyeelewa kwamba chumvi ni dawa ya kuhifadhia angepoteza gunia zima, na alama ya bluu anayo.

Kwanza, chagua kinachofanywa kwa mikono

Tuliliweka andiko mezani tukapiga mstari chini ya kila kitu ambacho msikilizaji atakifanya kesho yake kwa mikono. Yalibaki mambo matatu: kupima ukavu kwa chumvi, kujaza mfuko na kufunga kila tabaka peke yake, na kuuacha mfuko bila kuufungua wiki za mwanzo. Mengine yote, yaani salamu ndefu, historia ya dumuzi na jinsi mfuko unavyotengenezwa, yalikuwa yamekaa mbele ya mambo hayo na kula dakika 9 za mwanzo, wakati masikio bado ni mapya.

Tukaligawa somo kuwa sauti tatu, kila moja na jambo lake. Ukisoma kwa mwendo wa kawaida, maneno 100 huchukua kama dakika moja, kwa hiyo sauti ya dakika tatu ni maneno kama 300. Kila sauti inaanza kwa namba yake: "Somo la 4, sauti ya 1 kati ya 3." Bila namba, mtu anayefungua simu jioni hajui aanzie wapi.

Swali lije kabla ya maelezo

Andiko la kwanza lilisema hivi: "Ni muhimu kuhakikisha kwamba mahindi yana unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa, ambapo mkulima asiye na kipimo anaweza kutumia njia ya chumvi kwa kuchanganya chumvi kavu na mahindi ndani ya chupa, kutikisa na kuangalia kama inaganda. Mmeelewa?"

Sentensi moja imebeba mambo sita, na swali la mwisho halipimi chochote. Ukimuuliza mtu "mmeelewa?" atajibu "ndiyo" hata kama alikuwa akifukuza kuku. Swali linaloshika usikivu ni lile linalomfanya msikilizaji achague kabla hujampa jibu, na majibu yote mawili yawe yanaweza kuaminika. Tuliandika hivi:

"Mahindi yako yako kwenye turubai. Yamekaa juani siku tatu. Ukiing'ata punje, inalia ka! Je, yaingie mfukoni leo, au bado? Chagua moja. [Nyamaza, hesabu hadi 5.]

Kama umesema yaingie, wengi wangesema hivyo. Lakini jino linadanganya. Punje inaweza kuwa ngumu nje na bado ina unyevu ndani. Chumvi itakuambia vizuri zaidi.

[Polepole.] Chukua chupa inayoonyesha ndani, kavu, yenye kifuniko. [Nyamaza.] Tia chumvi iliyokauka, vijiko vitatu. [Nyamaza.] Tia mahindi mpaka yafike kama theluthi ya chupa. [Nyamaza.] Funga, tikisa dakika moja. Halafu iache dakika 15. Nasema tena: dakika 15.

Sasa tazama ukuta wa chupa. Chumvi imeganda. Utafanya nini: utaongeza chumvi, au utarudisha mahindi juani? [Nyamaza, hesabu hadi 5.]

Unarudisha mahindi juani. Chumvi hii si dawa. Kazi yake ni kupima tu, na haiingii mfukoni kamwe."

Unaona jibu la "ongeza chumvi" tumeliweka ndani ya swali lenyewe. Hatukulibuni. Tumelichukua kwa yule mwanakikundi. Kosa ambalo watu wanalifanya kweli ndilo linalotengeneza swali zuri, kwa hiyo majibu yasiyo sahihi yahifadhi, usiyafute.

Kimya nacho kiandikwe, maana mtu akishika simu anakimbia. Sekunde tano zinaonekana ndefu kwa anayerekodi, lakini ndizo anazohitaji msikilizaji kufikiri. Tena ziwe ndani ya sauti ile ile. Ukituma sauti mbili zinazofuatana, simu inamaliza ya kwanza na kuanza ya pili yenyewe. Ukiweka swali mwishoni mwa ya kwanza, jibu litaingia kabla mtu hajafikiri.

Maswali mawili kwa sauti ya dakika tatu yanatosha. Tulijaribu kuweka matano, na yule katibu alipomsomea mkewe, mama alisema, "Hili somo au mtihani?" Tukayapunguza. Na kwa anayeona haya kujibu mbele ya wote, mwambie atume kwa mwalimu faragha neno moja tu, "juani" au "chumvi".

Mwendo ubadilike kwa sababu

Katibu alisoma andiko lake lote kwa mwendo mmoja, kama anayesoma tangazo la msiba. Mwendo mmoja unalaza watu, hata ukiwa wa haraka. Lakini usibadili mwendo kwa kupamba. Ubadili kwa kufuata mikono ya msikilizaji. Panapofanywa kazi, sentensi ziwe fupi, tendo moja kwa sentensi moja, na kimya kati yake, ili mtu aweze hata kufuata akiwa na chupa mkononi. Panapoelezwa sababu, ongea kama unavyozungumza barazani. Namba ambayo ikikosewa inaleta hasara, isemwe mara mbili.

Katika sauti ya 2, ya kufunga mfuko, tuliweka sauti ya pili: binti wa katibu anauliza maswali, baba anajibu. Sikio linaamka sauti inapobadilika. Muziki tuliuacha, kwa sababu unafunika maneno kwa mwenye simu ya spika mbovu.

Marudio yafanywe na msikilizaji

Mwisho wa andiko la kwanza kulikuwa na muhtasari wa dakika mbili, uliorudia sentensi zile zile. Mtu akishasikia "kwa kifupi, leo tumejifunza", anafunga. Tukaweka hivi:

"Kabla sijasema, sema wewe. Unahitaji vitu gani vitatu kupima ukavu? [Nyamaza, hesabu hadi 5.] Chupa kavu, chumvi kavu, mahindi. Unasubiri dakika ngapi? [Nyamaza.] 15."

Hayo ni marudio ya nusu dakika, na msikilizaji ndiye anayetafuta jibu kichwani mwake. Usiingize jambo jipya hapo, litapotea. Kisha somo la 5 likaanza kwa swali la somo la 4: "Juzi tulipima kwa chumvi. Haikuganda. Je, ufunge mfuko siku hiyo hiyo?" Jibu lake ni kwamba kipimo cha chumvi ni cha makadirio. Chumvi isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi, na mfuko unataka 13.5 au chini. Kwa hiyo ongeza siku nyingine ya jua kali, au upime kwa mashine kama kikundi kinayo. Jambo hilo lilikuwa limefichwa katikati ya somo la zamani. Kuliweka kwenye swali la ufunguzi kulilipa nafasi yake.

Baada ya sauti zote tatu, tuma ujumbe wa maandishi wenye hatua kwa mistari. Sauti inafundisha vizuri, lakini haitafutiki haraka siku ya kazi.

Utajuaje limefaa

Usihesabu maiki za bluu. Siku mbili baadaye uliza jambo lililokuwa katikati ya sauti, si mwanzoni wala mwishoni. Katibu aliuliza tena lile swali la chumvi iliyoganda. Safari hii walijibu wengi zaidi, na mmoja alituma picha ya chupa yake, chumvi imeshika ukutani, na maneno mawili: "Bado juani."

Pia yamebaki yasiyotibika kwa andiko. Namna ya kukunja na kufunga tabaka la ndani haielezeki vizuri kwa sauti, hata uulize maswali gani. Hapo tulirekodi video fupi ya mikono tu, na kwa wasio na bando la video tumepanga kuwaonyesha siku ya kikao.

Wewe mwenye somo lako, anza na sauti moja. Piga mstari chini ya kazi za mikono, weka maswali mawili na vimya vyake, kisha msomee mtu mmoja akiwa anafanya shughuli zake. Pale atakapokuambia "hebu rudia hapo", tia alama. Hapo ndipo pa kuandika upya kabla hujawatumia wengine.