Jivu Shavuni

Mwaka 2012 nilipeleka DVD ya harusi kwa mama mmoja, Mwanjelwa, Mbeya. Sendofu ya binti yake ilifanyika Mbeya, ndoa ikafungwa Iringa. Tulipofika sehemu ya kanisani mama alichukua rimoti, akasimamisha picha kwenye uso wa bibi harusi, akasogelea televisheni.

"Mwanangu, huyu mmempaka jivu?"

Sikuwa na jibu. Shavu la kushoto lilikuwa la kijivu kweli, la kulia jekundu kama tofali lililoiva.

Sababu naijua sasa. Kanisa lile lina madirisha marefu upande wa kushoto, na siku ile ya Julai wingu lilitanda tangu asubuhi. Mwanga wa wingu una ubluu, Kelvini 6,500 au zaidi. Juu ziliwaka balbu za njano zisizofika 3,000. Kamera niliiachia ichague rangi yenyewe, nayo ikashika katikati, ikakosea kote kuwili. Ngozi yetu, iwe maji ya kunde au nyeusi tii, ina rangi ya chungwa ndani yake. Bluu ikiizidi, rangi hizo mbili hufutana na kinachobaki ni jivu.

Kosa la pili lilikuwa langu mezani. Kamera iliona gauni jeupe, ikapunguza mwanga, uso ukazama. Nami nikaupandisha kwa Lift, maana siku zile tuliamini kung'arisha uso ni kuinua giza. Lift huinua weusi wa picha nzima: nywele, mboni, kivuli cha chini ya kidevu, suti ya bwana harusi. Vyote vilipauka kana kwamba ukungu wa Uporoto umeingia kanisani.

Baada ya lawama ile nikakimbilia upande wa pili. Nikashusha giza, nikaongeza wekundu, na kwa miaka kama miwili nyuso za wateja wangu zikawa tope: kope na macho vimemezana, paji la uso halina mng'ao. Ngozi nyeusi huonekana umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli. Ukiuzima mng'ao wa paji, pua na shavu, umeufuta uso.

Kilichonibadilisha ni kuacha kuyaamini macho peke yake. Nilipohamia DaVinci Resolve ya bure nilianza kufungua Vectorscope, duara linaloonyesha rangi zinaelekea wapi, na kuwasha Show Skin Tone Indicator. Huo ni mstari unaoelekea juu kushoto, na ngozi ya binadamu yeyote, mweusi au mweupe, huangukia karibu nao. Tunachotofautiana zaidi ni kiasi cha mwanga. Hapo nikaiacha ile kanuni ya kuweka uso kwenye asilimia 70 ya kipimo cha mwanga, kanuni iliyotokana na nyuso nyeupe. Uso mweusi nauacha kati ya 25 na 45, mng'ao wa paji ukifika 60 hivi, na sioni haja ya kuusukuma zaidi.

Mwaka jana nililirudia lile faili la kanisani. Kwanza nilirudisha Lift chini mpaka mboni zikawa nyeusi, kisha nikainua Gamma, ambayo hugusa zaidi mwanga wa kati, ambamo uso umo. Pili nikachagua mwanga mmoja wa kuufuata. Nilifuata wa dirisha, kwa kuwa ndio uliofunika sehemu kubwa ya uso, nikaongeza joto mpaka nukta za shavu la kushoto zikakaa kwenye mstari. La kulia likazidi kuwa jekundu, nikalizungushia Power Window yenye kingo laini sana, nikaiambatanisha na mwendo wa kichwa, nikapunguza uchungwa nusu tu. Nusu nyingine niliiacha makusudi: pale juu palikuwa na balbu, na mtazamaji anapaswa kuihisi. Ukizisawazisha pande zote mbili kabisa, uso unakuwa kama umebandikwa.

Gauni sikulitumia kupima weupe, maana lilikuwa na rangi mbili kama uso wenyewe.

Taa za zambarau za kumbi za siku hizi ni habari nyingine. Pale bluu hujaa mpaka kumwagika, na kijani hakina kitu cha kurudisha. Huwa namwomba mpambaji azizime juu ya meza kuu wakati wa keki, au nawasha taa yangu ndogo usawa wa uso. Akikataa, dakika zile zinabaki zambarau.

Lile la Iringa nilimtumia mama kwa WhatsApp. Paji la binti yake linang'aa sasa, macho yametengana na kope. Chini ya shavu la kushoto bado kuna chenga zinazocheza, kwa sababu siku ile kamera haikurekodi mwanga wa kutosha pale, na nikiinua zaidi ninainua chenga tu. Mama aliniandikia: "Sasa ndiye." Halafu akauliza zile chenga ni nini.