Mikono ya Mama Pichani

Mashine ichorayo kwa kuambiwa haijui mifupa. Imejifunza sura za picha tu. Ukiiambia "mama amembeba mtoto", mkono ukajificha nyuma ya mtoto, yaweza kubuni kiganja cha tatu. Mimi huutaja kila mkono na kazi yake: "Mtoto amekaa kwenye nyonga ya kushoto ya mama. Mkono wa kushoto wa mama umezunguka mgongo wa mtoto, kiganja kimeshika paja lake. Wa kulia umening'inia kando. Mkono mmoja wa mtoto u begani mwa mama, wa pili hauonekani." Kisha hufuata kila kiganja hadi begani. Juzi kimoja hakikuwa na bega, ijapokuwa uso wa mama ulipendeza mno. Nikaagiza picha nyingine.