Mama biharusi akisifu hina, umjibu nini

Bagamoyo tunayokaa sisi siyo ile ya Pwani. Hii ni kata ya Bagamoyo hapa Tukuyu, wilaya ya Rungwe, huku kwenye migomba, mvua na baridi ya kuvaa sweta kutwa. Sisi ni wawili, mtu na wifi yake, wote wa Unguja. Tunapaka maharusi hina, tunawafanyia singo na kuwafukiza udi. Waislamu huku si wengi kama kwetu, kwa hiyo kila harusi inajulikana, na neno moja la mama biharusi linafika mbali kuliko tangazo.

Kisa chenyewe kilianza na sauti ya dakika mbili iliyoingia kwenye WhatsApp siku nne baada ya harusi. Alikuwa mama biharusi, mtu mzima wa rika la mama zetu. Alianza kwa kutusalimia mmoja mmoja, akauliza watoto, kisha akasema hina ya mwanawe imekolea ajabu, wageni wote wameiuliza, na kwamba hajapata kuona hina ikashika vile kwenye baridi hii. "Hiyo dawa yenu mnayotia ni kiboko, wanangu," akasema, na akamaliza kwa dua ndefu na "ndaga fijo", maana ni Mnyakyusa na asante ya Kiswahili peke yake aliiona haitoshi.

Sisi tulikuwa jikoni tunakanda singo ya mtu mwengine, mikono imejaa liwa. Simu yetu ya kazi ina yale majibu ya haraka ya WhatsApp Business: unaandika mkwaju na neno, na maneno uliyoyahifadhi yanatokea yote. Letu lilikuwa `/asante`. Wifi akaligusa kwa kidole kimoja kisafi, likaenda hivi:

"Asante sana mpendwa mteja kwa kutuamini. Kuridhika kwako ndiyo furaha yetu. Tunajivunia kukupa huduma bora kabisa. Karibu tena na uwaambie na wenzako!" Na maua matatu.

Jioni akatuandikia maneno machache tu: "Nimeyaona wanangu. Na dada yangu mlimwandikia haya haya mwezi wa Rajabu."

Hakututukana, lakini tuliona aibu mpaka tukashindwa kula. Tukakaa tukausoma ule ujumbe wetu kama vile tumetumiwa sisi. Kitu cha mwanzo tulichokiona hata hakihusu sifa. Mama ametusalimia, ametuulizia watoto, sisi hatukumwambia shikamoo. Tumemwita mpendwa mteja, mtu ambaye siku tatu nzima nyumbani kwake tulimwita mama na akatupakulia wali kwa mkono wake. "Karibu tena" nayo, mtu ana binti mmoja na keshamwoza, arudi kufanya nini?

Pia hakuna neno hata moja la kwake mle ndani. Yeye katoa vitu mahsusi: hina, kukolea, baridi, wageni waliouliza. Sisi tumejibu kwa maneno ambayo yangemfaa hata mtu aliyenunua kandambili. Hapo ndipo mtu anapojua kuwa jibu limetoka ghalani. Siku hizi tukishaandika jibu, tunajiuliza kama linaweza kutumwa kwa mteja mwengine bila kubadilishwa neno. Likiweza, tunalifuta.

Lakini kosa kubwa tuliligundua wiki iliyofuata. Mwanamke mmoja akapiga simu anataka mwanawe apakwe hina "yenye ile dawa". Siku mbili baadaye mwengine akavunja miadi, kwa sababu mwanawe aliwahi kupakwa piko akatoka malengelenge mkono mzima, na amesikia na sisi tunatia dawa. Wote wawili walilisikia neno kwa mama yetu. Alitusifu kwa kitu tusichokifanya, na sisi kwa kujibu "asante" tukawa tumekubali.

Nyinyi wenyewe mnajua kuwa wapo wanaotia rangi ya nywele kwenye hina ili iwe nyeusi haraka. Ile inaweza kuunguza ngozi, na aliyewahi kuumia nayo hutakiwa asiiguse tena. Sisi hatutii. Hina ya yule binti ilikolea kwa sababu nyengine kabisa, na kazi kubwa hata haikuwa yetu.

Kwetu Unguja ukichanganya hina asubuhi kwa ndimu na sukari kidogo, joto linaifanya itoe rangi, na jioni unapaka. Huku Tukuyu ukifanya hivyo unapaka tope. Baridi inachelewesha hina kutoa rangi, kwa hiyo tunaichanganya usiku wa kuamkia siku ya kupaka na kuiweka jikoni pembeni ya joto. Tatizo la pili ni mikono. Biharusi mwenye vidole vya baridi hashiki rangi vizuri hata hina iwe nzuri vipi, na akiibandua baada ya saa mbili anabaki na rangi ya chungwa. Yule binti alitaka kuibandua saa nne usiku kwa kuchoka. Bibi yake, mzaa baba, ndiye aliyekataa. Alikaa naye usiku kucha, akimwashia jiko la mkaa na dirisha limeachwa wazi, maana hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua. Alikuwa akimpashia mikono, na asubuhi akamzuia asitie maji, akamkwangulia hina kavu kwa kisu butu na kumpaka mafuta ya karafuu. Siku hiyo rangi ilikuwa bado ya chungwa, na binti akalia. Siku ya pili ikawa kahawia iliyoiva, kama kawaida ya hina, na hiyo ndiyo siku wageni walipoiona.

Sasa tulikuwa na jibu la kweli. Hatukuandika, maana aliyekutumia sauti na ni mkubwa wako hukumwandikia kwa vidole. Tulimpigia. Tukampa shikamoo, tukamuulizia bwana na biharusi, kisha tukasema kwa maneno karibu na haya:

"Mama, tumekukosea, ulituombea dua na sisi tukakujibu kama watu wa dukani. Tulifurahi sana uliposema wageni wameiuliza hina, maana kwa baridi ile na sisi tulikuwa na wasiwasi. Ila mama, hatutii dawa yoyote. Ni majani ya hina, ndimu na sukari tu. Kilichoikoleza ni bibi aliyekesha na jiko. Tufikishie salamu zake, na akituruhusu tutawasimulia maharusi wengine alivyofanya."

Akacheka sana. Akasema bibi atavimba kichwa wiki nzima. Na neno la dawa akalirudisha mwenyewe kule kule alikolipeleka. Yule wa malengelenge alitupigia Jumapili kuuliza kama tarehe yake bado ipo.

Wifi mwanzoni alipinga kumtaja bibi. Akasema tukimpa sifa zote bibi, watu watauliza sisi tunalipwa kwa lipi. Hoja yake ina nguvu, na kuna watu wanaanguka upande huo: wanasifiwa wanasema "ah, si lolote, kawaida tu". Mteja ametoa pesa zake kwa hicho unachokiita si lolote, na amekisifu mbele ya watu, kwa hiyo unamfanya aonekane hajui kutazama. Tukakubaliana kusema kila mtu alichofanya, na chetu kimo. Kuchanganya usiku kucha ni ujuzi wetu, nasi tunautaja. Kukesha ni kwa bibi.

Kwa upande wa dini, tunajua Mtume, rehma na amani zimshukie, alikemea mtu kumsifu mwenzake usoni kupita kiasi, na pia alifundisha kuwa asiyeshukuru watu hajamshukuru Mungu. Wengine wanashika la kwanza tu, wanamkatiza anayesifu kwa "alhamdulillah, alhamdulillah" kama anayefukuza inzi. Alhamdulillah isemwe, na moyo uwemo, lakini mama bado yuko kwenye simu anangoja uongee naye.

Na aliyekuombea dua jibu dua yake. Mama alisema "jazakumullahu khairan", maana tuko wengi. Jibu ni "wa iyyaki" kwa mwanamke mmoja. Tukianza sisi, kwa mwanamke ni "jazakillahu khairan", wala si "jazakallahu", ambayo ni ya mwanamume. Tuliwahi kumwandikia ustadhati mmoja jazakallahu, tena tumeinakili kutoka mahali, akatusahihisha kwa upole na tukajua amejua kuwa tumenakili.

Kuna sifa nyengine zina mfupa ndani. Biharusi mmoja wa Kyela alituandikia: "Mashaallah hina nzuri sana, nimependa maua ya viganjani, ingawa mlichelewa kidogo." Zamani tungejibu hina nzuri na kuruka ingawa. Siku hizi tunaanza na ingawa. Tulimwandikia: "Kuchelewa ni kweli, tulikuja saa mbili na nusu badala ya saa moja, mvua ilitukuta njiani na hatukukupigia. Utusamehe. Maua ya viganjani uliyachagua wewe, sisi tulitaka kukuwekea ya mstari. Ulijua." Hatukuongeza kitu. Yeye ndiye aliyeongeza, akatueleza kuwa ule uchelewaji ulimfanya akose kuswali Isha na mama yake kabla hajaondoka nyumbani. Sasa tukitoka Tukuyu kwenda Kyela tunaondoka baada ya Adhuhuri.

Jambo la mwisho ni picha. Mtu akikusifu kwa faragha, sifa ile ni yake. Tulikuwa tunapiga picha ujumbe wake na kuuweka kwenye status, na jina limekaa juu, na mara nyengine mkono wa biharusi mpaka kiwiko. Mmoja alituuliza kwa sauti ndogo, "Nilikuwa naongea na nyinyi, au na watu wote?" Tuliondoa siku hiyo hiyo. Sasa hatuombi ruhusa ndani ya jibu la kushukuru, kwa sababu ukiomba hapo asante yako inageuka kuwa biashara. Tukihitaji picha tunaomba siku nyengine, na akikataa basi.

`/asante` tumeifuta. Majibu ya haraka tuliyobakisha ni mawili: la bei, na la kumwambia biharusi aje na soksi na mikono yenye joto. Hilo la pili tuliliandika na yule bibi. Alitaka liongezwe neno kuhusu dirisha, na tumeliongeza.